Hotuba kuu ya dakika 30

Hotuba kuu ndiyo hotuba inayobeba dhamira ya kongamano. Katika muundo unaoelezwa hapa, imegawanywa sehemu tatu, na taswira moja hurudi kila msemaji anapovuka kutoka sehemu hadi sehemu. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia, hivyo taswira humjulisha kwamba mambo yamehama, na yamehamia wapi.

Kosa la kawaida ni kuirudia taswira ilivyo, ikawa kibwagizo tu. Inaporudi sharti iwe imebadilika hali, na badiliko lenyewe libebe hoja. Chukulia hotuba kwa wakuu wa shule za sekondari Tanzania kuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi katika shule za umma. Taswira ni dawati. Katika utangulizi wa dakika 3, dawati liko darasani, jina la msichana limechorwa ubaoni pake kwa ncha ya bikari, na mwenyewe hayupo. Sehemu ya kwanza, dakika 8, inaeleza alivyoondoka na nani aliamua. Kwenye mpito, dawati limepelekwa stoo. Sehemu ya pili, dakika 9, inaonyesha kwa nini ruhusa peke yake haimrudishi: mtoto hana wa kumlea, wenzake wapo kidato cha mbele, na mzazi ameshasusa. Kwenye mpito wa pili msichana amefika asubuhi, na hakuna pa kukaa. Hapo hoja imehama kutoka kwa serikali kwenda kwa mkuu wa shule, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Sehemu ya tatu, dakika 6, inamhusu yeye na ratiba yake, mwalimu wa unasihi na kikao na wazazi. Hitimisho ni dakika 2.

Jumla ni 28, kwa makusudi. Kwetu salamu kwa mgeni rasmi na meza kuu hula muda kabla hoja haijaanza, hata msemaji akisema itifaki imezingatiwa. Muda upimwe kwa kusoma andiko lote kwa sauti, umesimama. Kusoma kimoyomoyo hudanganya.

Jaribio la taswira ni kuifuta kwenye andiko. Hoja zikibaki zimeungana vilevile, ilikuwa pambo. Dalili nyingine ni msemaji kulazimika kusema dawati "linawakilisha" kitu fulani. Ubaya wa muundo huu ni kwamba taswira iliyoshikamana sana na kisa kimoja huvuta hoja zote upande wake: mvulana aliyeacha shule kwenda machimboni hapati nafasi katika hotuba hii, na asilazimishwe kuingizwa.

Ratiba ikichelewa, kama ilivyo ada, na mshereheshaji akapunguza muda hadi dakika 20, mifano ipunguzwe ndani ya sehemu ya kwanza na ya pili. Mipito yote miwili ibaki kama ilivyoandikwa, na sehemu ya tatu isiguswe.