Maneno 41,000, na Nusu Yake Sitaki Tena

Miezi mitatu iliyopita nilianza kuandika kitabu changu cha kwanza. Sheria ilikuwa moja tu: maneno 500 kila siku kabla ya kushika simu. Siku zingine nilikosa, lakini juzi kihesabu cha maneno kilisoma 41,000 na nikajiona bonge la mwandishi. Halafu nikasoma mswada wote kwa siku moja. Wueh!

Mambo ya kuhesabu maneno si ya jana. Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mfanyakazi wa posta, alikuwa anaamka alfajiri, anaweka saa mezani na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Watu humtaja sana kwa hiyo. Wasichosema ni kwamba hiyo ratiba ilikuja baadaye. Kitabu chake cha kwanza alikianza 1843 na kikachapishwa 1847. Saa mezani inakupa kurasa, sawa. Lakini haiwezi kukuambia kama kurasa hizo zote ni za kitabu kimoja.

Hapo ndipo nilipokwama. Nusu ya kwanza ya mswada wangu ni stori ya nyanya aliyehamia mjini. Nusu ya pili ni ya mjukuu wake. Zote nazipenda, ila ukizisoma pamoja unahisi umebadilisha matatu katikati ya safari bila kuambiwa.

Nikamkumbuka Chinua Achebe. Wengi wetu tunamjua kupitia Things Fall Apart, ambayo kwa Kiswahili ni Shujaa Okonkwo. Tunaisoma kama kitu kilichoshuka kikiwa kimekamilika. Wapi! Mswada wake wa kwanza ulikuwa na vizazi vitatu: Okonkwo, mtoto wake, na mjukuu wake.

Mwaka 1956 Achebe, akiwa mfanyakazi wa redio Nigeria, alipelekwa London kwa mafunzo ya BBC. Rafiki aliyekuwa naye akamsukuma amwonyeshe mswada Gilbert Phelps, mmoja wa wakufunzi, ambaye pia alikuwa mwandishi wa riwaya. Phelps akaupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Sasa fikiria uko na miaka 25, hakuna mtu anakujua, na mtu wa London anakwambia kitabu chako kiko tayari. Mimi ningempa hapo hapo. Achebe alisema hapana, bado kina kazi.

Aliporudi nyumbani akakikata. Akaacha kizazi cha kwanza pekee, halafu akakiandika upya, akiongeza mambo na kupanua sehemu hiyo moja. Yaani hakukata tu akabaki na kipande. Ukiondoa theluthi mbili za stori, ile iliyobaki inapata nafasi ya kupumua, na ndiyo maana Umuofia tunaijua kwa siku zake za soko, mieleka na mavuno ya viazi vikuu. Na ile stori ya mjukuu haikutupwa. Ilitoka 1960 ikiwa kitabu kizima, No Longer at Ease, ambacho kwetu ni Hamkani si Shwari Tena.

Sehemu inayonitisha ni inayofuata. Mswada huo ulioandikwa kwa mkono ulikuwa nakala moja tu, na akautuma kwa posta hadi London upigwe taipu. Miezi ikapita kimya. Bosi wake, Angela Beattie, alipoenda Uingereza akapitia hapo na kuukuta umetelekezwa kwenye kona ya ofisi. Akawakaripia, na ndipo kazi ikafanywa. Nimeshajitumia mswada wangu kwa barua pepe mara nne tangu nisome hiyo.

Wachapishaji kadhaa waliukataa. Heinemann wakauchukua, na tarehe 17 Juni 1958 wakatoa nakala 2,000.

Miaka minne baadaye Achebe alikuwa Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi. Mwanafunzi mmoja kutoka Kenya akamletea mswada wake. Achebe akausoma, akatoa maoni, na ukafika Heinemann. Ulitoka 1964 kwa jina Weep Not, Child. Mwanafunzi ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa hivyo aliyesomewa akawa msomaji, na bado kuna mtu alihitajika kusema neno kabla ya mashine kuanza kuchapa.

Basi jana nimefungua faili mpya na kuhamisha maneno 19,000 ya mjukuu. Nyanya amebaki na 22,000. Iliuma, bana. Lengo la maneno 500 nimelisimamisha, kwa sababu siku ya kukata kihesabu kinarudi nyuma na utajiona umefeli wakati ndiyo unafanya kazi. Sasa nahesabu sura: moja kwa wiki, kuandikwa upya.

Nikimaliza, nitawapa watu wawili tu. Sitawauliza kama wamependa, maana marafiki husema ndiyo. Nitawaomba waweke alama pale walipochoka wakashika simu. Wakiweka alama mahali pamoja, hapo nitarudi na kisu.