Saa janja: hali ya ndege na hali ya saa tupu zilitoka wapi?

Wiki hii kuna swali ambalo nimeulizwa mara kadhaa na watu wanaojiandaa kusafiri: chaji ya saa ikibaki kidogo, niwashe hali ya ndege ama ile inayoacha saa tu? Wengi hudhani ni kitu kimoja, moja ikiwa kali kuliko nyingine. Sivyo. Kila moja ilizaliwa na shida yake, na ukiijua historia utajua ya kuchagua.

Tuanze na hali ya ndege. Hii haikubuniwa kwa ajili ya betri kamwe. Mwaka 1991 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipiga marufuku matumizi ya simu za mkononi ndege ikiwa angani. Sababu kubwa ilikuwa mitandao ya chini: simu iliyo juu sana huonekana na minara mingi kwa wakati mmoja na kuivuruga. Ndiyo maana vifaa vikawekewa swichi ya kuzima redio zote kwa pigo moja. Oktoba 31, 2013, shirika la usafiri wa anga la huko, FAA, likatangaza kwamba abiria wanaweza kutumia vifaa vyao safari nzima mradi viko katika hali hiyo. Saa janja zilipokuja ziliirithi swichi ileile.

Sasa, je, inaokoa chaji? Kidogo tu, kama saa imeshikana na simu yako kwa Bluetooth, kwa sababu Bluetooth hula chaji kidogo na walaji wakubwa ni kioo na programu zinazoendelea kufanya kazi. Isitoshe, siku hizi Airplane Mode ya Apple Watch huzima Wi-Fi na mtandao wa simu lakini huiacha Bluetooth ikiwaka. Inapofaa hasa ni kwa saa yenye laini yake mwenyewe, iliyo mbali na simu, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Hapo redio huhangaika kutafuta mnara na chaji huyeyuka.

Kuna mtego mmoja. Ukiwa umeweka Mirror iPhone, kuwasha hali ya ndege kwenye simu kunaiwasha kwenye saa pia, lakini kuzima lazima uzime kila kifaa peke yake. Ukifika, ujumbe utaendelea kuingia kwenye saa kupitia simu na utadhani mambo ni shwari, mpaka uiache simu hotelini. Tazama juu ya kioo: alama ya ndege ya rangi ya chungwa ikiwepo, bado haijazimwa.

Hali ya saa tupu nayo ilizaliwa na udogo wa betri. Apple Watch ya kwanza, Aprili 2015, ile ya milimita 38, ilikuwa na betri ya mAh 205, wakati iPhone 6 ilikuwa na mAh 1,810. Apple waliahidi saa 18 za matumizi, wakaweka pia Power Reserve: karibu kila kitu kinazimwa, unabonyeza kitufe cha pembeni, saa inaonekana kidogo kisha kioo kinazima. Kwa hali hiyo waliahidi hadi saa 72. Casio mwaka 2016, kwa WSD-F10, walikwenda njia nyingine niipendayo zaidi: walilaza kioo cha rangi moja juu ya kile cha rangi nyingi, na saa ikaweza kuonyesha wakati tu kwa zaidi ya mwezi. Samsung nao wana Watch only mode.

Tupige hesabu. Unaondoka Nairobi kwenda Dubai, safari ya kama saa tano, na saa ya 2015 ina asilimia 15. Kwa matumizi ya kawaida hiyo ni saa 2.7 tu. Kwa Power Reserve, ukigawa vivyo hivyo, ni kama 10.8. Unafika saa ikiwa hai.

Lakini angalia unachopoteza. Kengele uliyoitega hailii, kwa hiyo usiiwashe usiku kama una ndege ya alfajiri. Tena saa haizungumzi na simu, hivyo haijui umebadilisha nchi. Dubai iko saa moja mbele yetu: ukutani ni saa mbili usiku, mkononi mwako bado saa moja. Kama una ndege ya kuunganisha, ndio umeachwa hivyo.

Kuitoa, unashikilia kitufe cha pembeni mpaka iwake upya, na ikiwa chaji imeisha mno haitawaka bila chaja. Septemba 2022, kwa watchOS 9, Apple waliiondoa swichi hiyo wakaleta Low Power Mode, ambayo kwa Series 8 waliahidi hadi saa 36. Hiyo hupunguza kazi za saa bila kuizima, na kengele huendelea kulia.