Pakiti ya Gramu Mia

Mkulima wa Makueni au Kitui hutegemea zaidi mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa za masika humwacha mkono mara nyingi. Mbegu huitafuta Septemba, wakati ghala liko tupu na mfuko hauna kitu. Kwa miongo mingi mbegu ya mahindi iliyoidhinishwa ilipimwa kwa hesabu ya mwenye ekari: kilo 10 zinatosha ekari moja. Mwenye fedha ya kilo moja alirudi sokoni kupimiwa nafaka ya kula kwa kasuku, akaipanda.

Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilikuwa kimekwisha kumpa jibu la nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilitoa Katumani Composite B, mahindi yanayokomaa upesi kabla mvua haijakatika. Kwa kuwa si chotara, mkulima aliweza kuhifadhi mbegu yake na kuipanda tena msimu uliofuata. Aliyepata konzi mbili tu za mbegu safi aliweza kuzizalisha hadi zikatosha shamba zima. Hiyo mbegu kidogo ya kuanzia ndiyo iliyokuwa shida kuuziwa.

Wenye maduka walijua haja hiyo, wakafungua mifuko na kupima. Mfuko ukishafunguliwa, jina la mbegu, namba ya fungu lake na tarehe ya kupimwa hubaki dukani, na mnunuzi huondoka na punje ndani ya karatasi. Rangi ya dawa iliyopakwa punje haithibitishi kitu, maana hata nafaka ya sokoni hupakwa rangi. Kisha ukame ulipopita, mbegu za msaada ziligawiwa bure kutoka kwenye magunia, na wakati mwingine zilikuwa nafaka tu. Si ajabu kwamba mbegu ya kipimo kidogo ilionekana kitu cha maskini.

Mabadiliko yalianzia mbali na Ukambani, huko Siaya, katika miaka ya 1990. Shirika la SCODP, ambalo Paul Seward alikuwa mmoja wa waliolisukuma, lilianza kufunga mbolea katika pakiti ndogo, nyingine za gramu 100 tu. Ukitia gramu 5 kwa shimo, yaani karibu kifuniko kimoja cha soda, pakiti hiyo hutosha mashimo 20. Kwa shamba hiyo si kitu. Kwa mkulima anayetaka kulinganisha mstari wenye mbolea na usio nayo, inatosha kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Seward aliendeleza wazo hilo katika shirika la FIPS-Africa, likiwa na mbegu pia. Gramu 25 za mahindi ni punje kama 80, zinazoingia kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa chumba. Baadaye kampuni ya Leldet ya Nakuru ilifunga pamoja vipakiti vya mazao kadhaa yanayostahimili ukame, ili mnunuzi asiweke matumaini yote kwenye mahindi.

Nionavyo, kilichoinusuru pakiti hiyo na sifa ya urahisi ni kwamba kilichopunguzwa kilikuwa uzito peke yake. Mbegu ni ya fungu lile lile, dawa ile ile, jina na rangi za kampuni zile zile, na mdomo umefungwa kiwandani. Kampuni ikitoa jina la pili la bei ya chini kwa wanyonge, imewatangazia yenyewe kwamba wanauziwa masalio.

KEPHIS, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini, iliongeza ngao nyingine katika muongo wa 2010: stika kwenye pakiti. Mnunuzi huikwangua, hutuma tarakimu zake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na hujibiwa mbegu ni ipi na imetoka kwa nani. Pakiti isiyo na stika, au iliyo na stika iliyokwisha kukwanguliwa, ni ya kurudishiwa mwenye duka hapo hapo. Kwa ndengu hili lina uzito wa pekee, kwani Biashara, Tosha na Karembo, aina zilizotolewa na KALRO Katumani mwaka 2017, si rahisi kuzitenganisha kwa macho zikishamwagwa kwenye beseni.

Ulinzi huo una bei yake. Pakiti ya gramu 100 inahitaji kuchapwa, kufungwa na kubandikwa stika kama ile ya kilo 2, kwa hiyo anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo. Kampuni hushawishika kuokoa senti kwa plastiki nyembamba isiyo na maandishi. Plastiki hiyo hupasuka safarini kwenda Mutomo, unyevu huingia, na mwenye duka humimina kilichobaki ndani ya kasuku.