Baridi Iliyoifanya Nyama Kuwa Ngumu

Watahini wa somo la mazao ya wanyama hupenda kuuliza swali hili: "Kwa nini mzoga uliotiwa katika baridi kali mara tu baada ya kuchinjwa waweza kutoa nyama ngumu?" Swali lashangaza, maana sote twajua kwamba baridi huihifadhi nyama. Jibu lake lilipatikana Nyuzilandi, na msomaji atalielewa vema akiifuata historia yake tangu mwanzo.

Tarehe 15 Februari 1882, merikebu ya matanga iitwayo Dunedin iling'oa nanga katika bandari ya Port Chalmers ikichukua maelfu ya mizoga ya kondoo iliyogandishwa. Iliwasili London mwezi wa Mei, na karibu nyama yote ilikuwa nzima. Kondoo wengi walichinjwa katika shamba la Totara, mizoga yao ikaachwa ipoe, ikapelekwa bandarini kwa garimoshi, ndipo ikagandishwa ndani ya merikebu. Hivyo saa nyingi zilipita kati ya kisu na barafu.

Baadaye viwanda viliongeza kasi. Kufikia miaka ya 1950, mizoga iliweza kuingizwa ingali na joto katika vyumba vyenye upepo wa baridi kali. Uozo ulizuiwa, lakini walaji wa ng'ambo walinung'unika kwamba nyama ya mwana-kondoo, ambayo hutazamiwa kuwa laini, ilikuwa ngumu.

Ili kuijua sababu, yatupasa kukumbuka kwamba msuli haufi papo hapo mnyama anapokufa. Huendelea kuitumia akiba yake ya sukari, iitwayo glaikojeni, ili kutengeneza ATP, ambayo ndiyo nguvu ya kuziachanisha nyuzi zake. Kwa kuwa oksijeni haiji tena, sukari hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH hushuka kutoka 7 hivi hadi karibu 5.5. ATP ikiisha, nyuzi hushikamana zisiweze kuachana. Huko ndiko kukakamaa kwa mzoga.

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Nyuzilandi, Locker na Hagyard, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliikata misuli ya ng'ombe mara tu baada ya kuchinjwa, wakaiweka katika viwango mbalimbali vya joto, kisha wakaipima urefu. Kati ya digrii 14 na 19 za sentigredi, msuli ulijikunja kwa chini ya asilimia 10. Karibu na digrii 0, ulijikunja kwa karibu nusu ya urefu wake. Yaani kipande cha sentimita 20 kingebaki na zaidi ya 18 katika joto la wastani, lakini kwenye baridi kali kingefikia 10 au 11 tu. Baridi huivuruga njia ya msuli ya kuizuia kalisi yake. Kalisi huvuja, na kwa kuwa ATP ingalipo, nyuzi huvutana kwa nguvu, kisha hukakamaa zikiwa zimejikunja. Katika mzoga mzima mifupa huizuia misuli kwa kiasi, lakini si yote.

Mnunuzi hakuweza kuutambua ugumu huo kwa macho. Rangi ya nyama hutokana na mayoglobini, si na damu. Nyama ikikatwa huwa ya zambarau. Ikipata hewa kwa nusu saa hivi huwa nyekundu. Na baada ya siku kadhaa chuma kilichomo katika mayoglobini huungua kwa oksijeni, rangi ikawa ya kahawia. Basi nyama nyekundu ya kupendeza yaweza kuwa ngumu kama ngozi.

Wala kuiweka nyama hiyo siku nyingi hakufai sana. Nyama ya kawaida ya ng'ombe, ikiwekwa wiki moja au mbili karibu na digrii 0 bila kuganda, hulainika kwa kuwa vimeng'enya vyake huzikata nyuzi polepole. Lakini nyuzi zikiisha kubanana sana, vimeng'enya havileti nafuu kubwa.

Tiba, basi, ni kutangulia. Mzoga huwekwa katika joto lisilopungua digrii 10 hivi mpaka ukakamae, ndipo ugandishwe. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya Nyuzilandi vilipata njia ya upesi zaidi: kuupitisha mzoga umeme mara baada ya kuchinjwa. Misuli hutikisika, huimaliza akiba yake ya sukari, na hukakamaa mapema, kabla baridi haijaifikia.

Mwanafunzi ajibuye kwamba "baridi huifanya nyama kuwa ngumu" amejibu nusu tu. Kosa si baridi yenyewe, bali ni baridi iliyoukuta msuli ungali na nguvu ya kujikunja.