Jumla Inayobadilika kwa Kupangwa Upya: Kutoka kwa Dirichlet hadi Fuwele ya Chumvi

Anayejumlisha namba chache hana haja ya kujali ianze ipi na ifuate ipi, kwa kuwa jibu ni lile lile, na hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wanahisabati wengi waliitumia kanuni hiyo bila wasiwasi hata kwenye mifululizo, yaani majumlisho ya namba zisizo na mwisho. Mfululizo husemwa kuwa unakaribia kikomo iwapo majumuisho yake ya hatua kwa hatua yanazidi kuisogelea namba moja, na namba hiyo ndiyo huitwa jumla yake.

Mwaka 1837, Mjerumani Peter Gustav Lejeune Dirichlet, katika makala yake maarufu kuhusu namba tasa, alionyesha kwamba kanuni hiyo ina mpaka. Mfano wake mmoja ulikuwa mfululizo 1 − 1/2 + 1/3 − 1/4 + 1/5 − …, ambao jumla yake ni logariti asilia ya 2, yaani takriban 0.693. Namba hizo hizo zikipangwa upya, chanya mbili zikitangulia kila hasi moja, hupatikana 1 + 1/3 − 1/2 + 1/5 + 1/7 − 1/4 + …, na jumla hupanda kufikia takriban 1.040. Hakuna namba iliyoongezwa wala iliyoachwa. Kilichobadilika ni zamu tu.

Chanzo cha jambo hilo huonekana mara alama za kutoa zinapofutwa. Mfululizo 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + … hauna kikomo, kama alivyothibitisha Mfaransa Nicole Oresme katika karne ya 14, kwa hoja ambayo hadi leo ni vigumu kupata iliyo nyepesi kuliko hiyo: 1/3 na 1/4 kwa pamoja huzidi 1/2, namba nne zinazofuata nazo huzidi 1/2, kisha nane, kisha kumi na sita, na nusu zisizoisha hupita kila mpaka. Mfululizo wa Dirichlet, basi, unatulia kwa sababu tu chanya na hasi zinafutana kwa mpangilio maalumu, na ndiyo maana husemwa kuwa unakaribia kikomo kwa masharti. Hali ni tofauti kwa 1 − 1/4 + 1/9 − 1/16 + …, ambao jumla yake ni takriban 0.822, kwani hata alama zote zikigeuzwa kuwa za kujumlisha, jumla haivuki takriban 1.645. Mfululizo wa namna hiyo hukaribia kikomo kikamilifu: namba zake za mbali, hata zikikusanywa zote upande mmoja, ni ndogo mno kuweza kuyumbisha jibu, hivyo zinaweza kupangwa vyovyote.

Bernhard Riemann, aliyekuwa amesoma kwa Dirichlet mjini Berlin, aliifikisha hoja hiyo mwisho wake katika tasnifu aliyoiandika Göttingen mwaka 1854, ambayo ilichapishwa mwaka 1867 baada ya kifo chake. Alithibitisha kwamba mfululizo unaokaribia kikomo kwa masharti unaweza kupangwa upya ukatoa jumla yoyote inayotakiwa. Tuseme inatakiwa 1.5. Huchukuliwa chanya kwa zamu, 1 + 1/3 + 1/5, hadi jumla ipite lengo kidogo na kuwa 1.533, hutolewa 1/2, nayo hushuka hadi 1.033, kisha huongezwa 1/7, 1/9, 1/11, 1/13 na 1/15 hadi ifike 1.522, ndipo hutolewa 1/4, na kazi huendelea hivyo. Chanya haziwezi kwisha nguvu kabla ya lengo kufikiwa, kwa kuwa peke yake hazina kikomo, na hasi vivyo hivyo. Wakati huo huo kila mvuko hauzidi ukubwa wa namba ya mwisho iliyotumika, na kwa kuwa namba hizo huendelea kupungua kuelekea sifuri, mivuko nayo hufifia.

Jambo hili halikubaki kwenye karatasi za wanahisabati. Mwaka 1918 Erwin Madelung alichunguza nguvu za umeme zinazoshikilia fuwele ya chumvi ya kawaida, ambamo kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi zilizo umbali wa 1, kisha 12 za sodiamu, kisha 8 za kloridi, kisha tena 6 za sodiamu zilizo umbali wa 2. Mchango wa kila ioni ni 1 ikigawanywa kwa umbali wake, kwa alama ya kutoa kwa kloridi na ya kujumlisha kwa sodiamu. Ioni zikihesabiwa kwa matufe yanayopanuka, njia ambayo kwa macho ndiyo ya asili kabisa, majumuisho huwa −6, 2.49, −2.13, 0.87, nayo hayatulii kamwe, kwa sababu uso wa tufe huacha ziada kubwa ya chaji ya upande mmoja. Zikihesabiwa kwa michemraba inayopanuka, ambayo ziada yake ya chaji haizidi ioni moja, jumla hutulia kwenye −1.7476, thamani inayoafikiana na vipimo vya maabara, ingawa uthibitisho kamili kwamba michemraba hutoa kikomo ulichapishwa mwaka 1985 tu, na David Borwein, Jonathan Borwein na Keith Taylor.