A Doll's House: filamu ni mbili, uanze na gani?

Kama ulipatana na A Doll's House kwa KCSE, pengine unaikumbuka kama watu wanaobonga tu kwa sebule, kurasa baada ya kurasa. Henrik Ibsen, mwandishi wa Norwe, aliitoa 1879, na stori yote inafanyika ndani ya nyumba moja wakati wa Krismasi. Kwa skrini inaingia rahisi zaidi, lakini chunga: kuna filamu mbili zenye jina hilohilo, zote za 1973. Tofautisha kwa waigizaji.

Claire Bloom na Anthony Hopkins (mwongozaji ni Patrick Garland)
Anza na hii. Inabaki karibu sana na mchezo wenyewe, na ni kama saa moja na dakika 45 tu. Hopkins ni yule msee wa The Silence of the Lambs, ila hapa ni Torvald, bwana anayemwita mkewe Nora majina ya ndege.

Usiruke mabongo ya mwanzo kati ya Nora na beshte yake Kristine, juu siri inatokea hapo. Nora alikopa doh kisirisiri ili ampeleke Torvald Italia akapone. Baadaye Krogstad, jamaa aliyemkopesha, anamwonyesha shida iko wapi: babake Nora ndiye mdhamini, alikufa tarehe 29 Septemba, lakini sahihi yake ni ya tarehe 2 Oktoba. Nora alifoji. Ngori inaanzia hapo.

Kutoka hapo, macho kwa sanduku la barua. Krogstad ametia barua ya kuchoma kila kitu, na ufunguo anao Torvald peke yake. Nora akianza kucheza densi kama amepagawa, hajachizi. Anamchelewesha bwanake asifungue sanduku.

Jane Fonda na David Warner (mwongozaji ni Joseph Losey)
Hii inatoka nje. Inaanza miaka ya nyuma, Nora na Kristine wakiteleza kwa barafu, kisha inakuonyesha mambo ambayo mchezo unayataja tu. Ni rahisi kufuata, lakini siri unaijua mapema, kwa hivyo yale mabongo ya kwanza hayakushtui tena. Itazame ya pili.

Ule mwisho
Spoila: Nora anaacha bwana na watoto watatu, na mlango unafungwa nyuma yake. Ujerumani, 1880, mwigizaji mmoja alikataa katakata kucheza mama anayeacha watoto wake. Ibsen akaandika mwisho mwingine shingo upande: Nora anawaona watoto, anaishiwa nguvu, anabaki. Filamu zote mbili zimeshika mwisho wa kwanza. Ukifika hapo, jiulize Torvald angesema nini kama angemwambia Nora asante kwa ule mkopo, badala ya kuwaza jina lake kwanza. Mlango unafungwa kwa sababu ya hilo jibu, si kwa sababu ya doh.