Data Elezi: Maneno Yanayosafiri na Video ya Somo

Mwalimu wa Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, akitaka kurekodi masomo kwa simu na kuwafikishia wanafunzi nyumbani, kwanza huwaandikia wazazi kuomba ruhusa. Barua ya namna hiyo kwa kawaida huuliza jambo moja tu: je, mwanao apigwe video au asipigwe? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Video hubeba jina la faili, kichwa, maelezo, tarehe, na mara nyingi mahali iliporekodiwa. Wataalamu wa kompyuta huyaita mambo hayo metadata. Sura ya mtoto humtambulisha kwa wanaomfahamu. Metadata inaweza kumtambulisha hata kwa asiyemfahamu.

Metadata ni data inayoeleza data nyingine. Fikiria gunia la ndengu katika ghala: ndengu zenyewe ndizo data, na maandishi ya nje yanayotaja aina, uzito, msimu na shamba zilikotoka ndiyo metadata. Wakutubi waliifanya kazi hii kwa kadi za katalogi kabla ya kompyuta kuenea. Mwaka 1995 wataalamu wa maktaba na wa mtandao walikutana Dublin, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, wakaanza kukubaliana juu ya vipengele vichache vya kueleza hati za mtandaoni. Orodha hiyo, iitwayo Dublin Core, ilikuja kuwa na vipengele 15, vikiwemo kichwa, mtungaji, mada, maelezo, tarehe, lugha na haki. Mwalimu hahitaji vyote. Kichwa, maelezo, lugha na haki vinamtosha, mradi ajue pia yale ambayo simu inajiandikia yenyewe.

Kwa Kiswahili, wengi hulikopa neno lilivyo na kusema metadata. Wengine husema data kuhusu data, ambayo ni sahihi lakini ni nzito kuibeba katika sentensi. Napendekeza data elezi. Ni fupi, inakaa vizuri katika ngeli, na mzazi akiisikia tu anajua kwamba kuna kitu kinachoelezwa. Hata hivyo, istilahi hii inahitaji kugawanywa sehemu mbili, kwa sababu hatari za pande mbili hizo hazifanani. Kuna data elezi wazi, inayoandikwa na mtu: kichwa, maelezo na jina la faili lililobadilishwa kwa mkono. Kuna pia data elezi fiche, inayoandikwa na kifaa ndani ya faili: saa ya kurekodi, aina ya simu, na mahali. Ya kwanza hulindwa kwa kuandika kwa busara. Ya pili hulindwa kwa kuzimwa au kufutwa.

Tuchukue somo moja la mfano. Mwalimu wa Kilimo amewapeleka wanafunzi wa Gredi ya 7 kwenye bwawa la mchanga, mojawapo ya yale mabwawa ya Kitui ambayo kuta zake hujengwa kukatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji. Amerekodi dakika tisa. Simu imeipa faili jina hili: `VID_20250218_101542.mp4`. Anayejua kusoma namba hizo anaona tarehe 18 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi. Mwalimu mwenye haraka huituma hivyo hivyo, au huiongezea kichwa kama hiki: jina la mwanafunzi, jina la shule, jina la mto, na maneno "kila Jumanne asubuhi". Kwa mzazi hicho ni kichwa cha fahari. Kwa mtu mwenye nia mbaya ni ratiba: mtoto fulani, mahali fulani, siku fulani.

Kichwa kizuri hutaja kile kinachofundishwa, kwa mpangilio ule ule kila mara: somo, gredi, mada, namba. Video ile ingeitwa "Kilimo, Gredi ya 7: Bwawa la mchanga linavyohifadhi maji, 1", na faili lake `kilimo-g7-bwawa-la-mchanga-01.mp4`. Maelezo yake yangekuwa sentensi tatu: mwanafunzi atajifunza nini, anahitaji nini karibu naye, na afanye zoezi gani baadaye. Hakuna jina la mtoto, la shule wala la kijiji. Mpangilio huu una faida nyingine ya kila siku: mafaili yenye majina ya namna hii hujipanga yenyewe kwenye simu, na mzazi anayemtafutia mwanawe somo la pili halazimiki kufungua yote.

Data elezi fiche inataka mkono zaidi. Simu nyingi za Android, mpangilio wa mahali ukiwa umewashwa kwenye kamera, huandika ndani ya video latitudo na longitudo zenye tarakimu nne baada ya nukta. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tarakimu ya nne ni kama mita 11. Kipimo hicho kinatosha kumwonyesha mtu jengo lenyewe. Kinga ya kwanza ni kuzima mpangilio huo kabla ya kurekodi. Kwenye simu za Samsung huitwa `Location tags`. Mafaili yaliyorekodiwa tayari yanaweza kusafishwa kwa kompyuta ndogo yenye programu ya `ffmpeg`:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -map_metadata -1 -c copy somo-safi.mp4
```

Amri hii hunakili picha na sauti bila kuzibadilisha na kuacha nyuma maelezo ya jumla ya faili, pamoja na mahali. Kuhakikisha, fungua nakala mpya kwenye programu ya picha ya simu na utazame taarifa zake: ramani ikionekana bado, kazi haijaisha. Jambo moja huwapotosha wengi. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya na kwa kawaida hupoteza alama ya mahali, lakini ikitumwa kama `Document` husafiri ilivyo, na kila kilichoandikwa ndani yake.

Baada ya kueleza, kuna kushiriki. YouTube huweka ngazi tatu. `Public` ni kwa kila mtu. `Private` ni kwa walioalikwa kwa barua pepe, njia ambayo ni ngumu pale wazazi wengi wasipoitumia barua pepe. Katikati kuna `Unlisted`: video haitokei kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli, lakini yeyote mwenye kiungo huiona na anaweza kukisambaza kiungo hicho. Basi `Unlisted` si siri, na barua isiahidi siri. Faida yake ni kwamba mwalimu akiibadilisha kuwa `Private` au akiifuta, kiungo kile kile hakifungui tena. Faili lililokwisha kuhifadhiwa kwenye simu za watu halirudishwi hivyo. Upande wa pili, kiungo hula bando kila somo linapotazamwa, ilhali faili hupakuliwa mara moja na laweza kupitishwa kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu. Njia ya kati ni hii: masomo yenye sura au sauti za watoto yaende kwa kiungo, masomo yenye mwalimu na ubao tu yaende kama faili.

Sheria ya Kenya inalikabili jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data binafsi ya mtoto, na inataka kazi hiyo ifanywe kwa namna inayolinda haki na maslahi yake. Kifungu cha 32 kinampa aliyetoa idhini haki ya kuiondoa wakati wowote. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na kwa kuwa jina la mtoto na mahali alipo ni data binafsi kama ilivyo sura yake, idhini inayozungumzia picha pekee inaacha pengo kwenye data elezi.

Barua inayoliziba pengo hilo yaweza kuwa hivi:

"Mpendwa Mzazi au Mlezi,

Muhula huu baadhi ya masomo ya Gredi ya 7 yatarekodiwa ili wanafunzi wayarudie nyumbani. Naomba uelewe mambo manne kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, kila video itakuwa na kichwa kinachotaja somo, gredi na mada. Jina la mwanao, la shule wala la kijiji halitaandikwa popote, na mimi sitamwita mwanafunzi kwa jina nikiwa ninarekodi.

Pili, nitazima alama ya mahali kwenye simu, na nitaikagua kila video kabla haijatoka mikononi mwangu.

Tatu, video zenye watoto zitatumwa kwa kiungo katika kikundi cha WhatsApp cha darasa. Kiungo si siri: aliye nacho anaweza kumpa mwingine. Nakusihi usikisambaze nje ya kikundi, wala usirekodi skrini. Viungo vyote vitafungwa mwisho wa muhula.

Nne, chagua hapa chini: sura ya mwanangu ionekane, ndiyo au hapana; sauti yake isikike, ndiyo au hapana. Ukisema hapana ataketi nyuma ya kamera na hatakosa somo lolote. Ukibadili nia baadaye niambie, nami nitaiondoa kila video aliyomo.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa darasa"

Barua hii isomwe pia katika kikao cha wazazi, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, maana sahihi ya mtu ambaye hakuelewa anachokubali si idhini.

Istilahi ina mipaka, na hapa mpaka wake una maana. Sweta yenye nembo ya shule, kibao cha langoni kinachoonekana nyuma ya mwalimu, na mwanafunzi anayemwita mwenzake kwa jina si data elezi. Hayo yamo ndani ya video yenyewe, na hakuna amri ya kompyuta itakayoyafuta pamoja na alama ya mahali. Kwa hiyo ukaguzi ni wa mara mbili. Mwalimu huitazama video yote mwanzo hadi mwisho, masikio wazi, akikata sehemu zinazomtaja au kumwonyesha asiyeruhusiwa. Kisha hukagua kichwa, maelezo, jina la faili na ramani. Kwa somo la dakika tisa, kazi zote mbili hazifiki nusu saa, na inafaa ifanyike siku ile ile ya kurekodi, mwalimu akiwa bado anakumbuka nani ameketi wapi na mzazi gani amesema hapana.